Mafuta ya Lavenda na Presha ya Mama

Miaka ile ya ruksa kila kitu kiliruhusiwa, na mdogo wangu naye akaruhusiwa kuuza usingizi.

Sitanii. Kiwanda cha nguo alichokuwa akifanya kazi kilipunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa mwanzoni kabisa. Alikaa kwake Buswelu, pembeni mwa Mwanza, akilia, kisha akachoka kulia, akapanda basi kwenda Nairobi na wanawake wenzake waliokuwa wanafuata bidhaa. Wenzake walirudi na masufuria, viatu na mitumba, vitu ambavyo mtu ukivishika unajua umeshika kitu. Yeye alirudi na boksi la chupa za kahawia, ndogo kama za dawa ya macho, na cheti kinachosema kwamba amehudhuria semina ya harufu. Semina ya harufu! Mimi nilisoma uuguzi miaka yote ile, nikaosha vidonda mpaka mikono ikachubuka, kumbe wenzangu wanasomea kunusa.

"Shikamoo dada," akasema siku aliyoingia kwangu Pasiansi, ameshika boksi kwa mikono miwili kama mama mwenye mtoto mchanga.

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Afya."

Akazipanga juu ya meza. Kulikuwa na ya lavenda, ambayo ndiyo malkia. Kulikuwa na ya maganda ya machungwa, ya kuchangamsha moyo. Kulikuwa na ya mkaratusi, mti uleule ambao bibi yetu alichemsha majani yake akatufunika blanketi tukiwa na mafua, bila cheti. Na kulikuwa na ya mchaichai. Nikamwonyesha dirishani: mchaichai umejaa pale karibu na karo la maji machafu, kila asubuhi nachuma wa chai, na jirani akipita anachuma bila hata kubisha hodi.

"Ule ni majani, dada. Huu ni mafuta halisi."

"Haya bwana," nikamwambia. "Endelea kuuza ziwa kwa wavuvi."

Lakini moyoni nilimhurumia. Mtu aliyepunguzwa kazi akishika kitu cha kumweka mjini usimnyang'anye, hata kama kitu chenyewe ni harufu.

Wakati huo mama yetu alikuwa anaishi kwangu. Alitoka kijijini kwetu Majita kwa ajili ya presha, kwa sababu kule zahanati ilikuwa mbali na dawa zilikuwa za kubahatisha, na mimi nilikuwa nafanya kazi hospitalini. Kwa mama, kuja kukaa kwangu lilikuwa jambo zito. Kukaa kwa mtoto wa kiume ni haki ya mzazi. Kukaa nyumbani kwa mkwe ni mtihani. Mume wangu alikuwa fundi redio, kazi yake aliifanyia palepale nyumbani, kwenye kibaraza cha uani chenye kivuli. Yeye na mama walisalimiana asubuhi huku kila mmoja akitazama ardhi yake, na baada ya hapo mmoja akiingia mahali mwingine anatoka. Ukitaka kumwambia mkwe jambo, unaniambia mimi kwa sauti ya juu, naye anasikia akiwa upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa kituo cha redio.

Presha ya mama ilikuwa imeshuka vizuri kwa vidonge. Tatizo lake likabaki usingizi. Kila asubuhi namkuta macho mekundu, amechoka, anasema usiku kucha hakufumba jicho. Nikampunguzia chai ya jioni. Nikamwambia asilale mchana. Nikambadilishia godoro. Wapi.

Basi mdogo wangu akaiona nafasi yake. Alikuja jioni moja akamdondoshea mama matone kwenye foronya, akamsugua mikono taratibu kwa mafuta ya nazi aliyoyachanganya na lavenda, akimsimulia umbea wote wa Buswelu. Kisha akatamka sentensi ambayo mpaka leo nikiikumbuka mikono inaniwasha.

"Mama, haya yanaleta usingizi na yanatuliza presha."

Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Niliyasikia. Nikacheka peke yangu, nikaendelea kusonga.

Siku chache baadaye mama akaamka amenawiri. Uso umejaa, macho meupe, anaimba pambio la kanisani akifagia. "Nimerara kama mtoto," akasema. Mama ni Mjita, r na l kwake ni ndugu, hazigombanii mlango. "Hii ravenda ni dawa kweri kweri."

Na haikuwa mara moja. Ikawa kila siku. Mama aliyekuwa halali sasa analala mpaka anaamshwa. Utabishana na hilo? Mdogo wangu alinitazama kwa jicho la ushindi, nami nikatazama ugali.

Habari ikaenea mtaani haraka kuliko tangazo la mnada. Wanawake wakaanza kumiminika. Jirani mmoja aliuliza kama hii dawa ya usingizi ndiyo ileile ambayo wezi hupuliza dirishani watu walale fofofo wabebewe televisheni, kwa sababu kama ndiyo, yeye hataki kuilipia, anangoja waje kumpulizia bure. Mwingine alijipaka ya mchaichai makavu makavu bila kuichanganya na mafuta mengine, akatoka upele shingo nzima. Wa tatu alikuwa na pumu. Alinusa, akakohoa mpaka tukamtoa nje apate hewa. Mdogo wangu akasema mwili wake unatoa sumu. Nikamwambia mwili wake unakutoa wewe.

Hata hivyo jambo la usingizi wa mama lilinikera. Mimi si mtu wa kukataa kitu kwa sababu tu kimeletwa na mdogo wangu, ingawa hiyo ni sababu nzuri. Nikamfuata daktari wa wodi yetu, mzee mmoja mpole aliyekuwa akipata majarida ya kitabibu kutoka nje, yakifika yamechelewa na kona zimekunjamana. Nikamuuliza: lavenda inaleta usingizi, ndiyo au hapana?

Nilitaka neno moja. Aliketi.

Akasema wapo waliojaribu. Wamewanusisha wazee hospitalini, wamewanusisha wagonjwa wenye wasiwasi, na baadhi walisema wametulia, wengine wamelala vizuri kidogo. Lakini waliojaribiwa walikuwa wachache, na kwa muda mfupi. Halafu kuna tatizo ambalo kidonge hakina. Kidonge unaweza kutengeneza cha uongo kinachofanana na cha kweli, mgonjwa asijue kameza kipi. Harufu utaifichaje? Anayenusa lavenda anajua ananusa lavenda, na akishaambiwa inaleta usingizi, anaanza kusinzia kwa heshima. Tena mara nyingi mafuta yanakuja na mkono wa mtu anayekusugua na kukusemesha vizuri, na kusuguliwa peke yake kunatuliza.

"Kwa hiyo haifanyi kazi," nikasema.

"Sikusema hivyo. Huenda inawatuliza baadhi ya watu, kidogo. Haijathibitishwa vya kutosha. Kunusa hakuna madhara makubwa kwa wengi. Wasiyanywe tu."

Huenda! Baadhi! Kidogo! Nimetembea kutoka wodini mpaka ofisini kwake kufuata "huenda". Mdogo wangu ana cheti chenye mhuri wa dhahabu kinachosema "hakika," na sayansi yote ya ulimwengu inanipa "huenda".

Nikaamua kufanya jaribio langu. Nikachukua chupa mbili tupu, moja nikatia lavenda, nyingine nikatia mafuta ya nazi yenye tone la marashi ya waridi. Nikawapa wauguzi wenzangu waliotoka zamu ya usiku, nikawaambia zote mbili ni dawa mpya ya usingizi kutoka Ulaya. Wa lavenda wakalala. Wa marashi wakalala. Mmoja ambaye sikumpa chochote alilala kabla sijafunga kizibo, kichwa kimeegemea kabati la mashuka. Muuguzi aliyetoka zamu hana haja ya lavenda. Mlaze juu ya mawe ya Mwanza, atakoroma. Jaribio langu halikuthibitisha kitu zaidi ya kwamba serikali ilihitaji kuajiri wauguzi zaidi.

Lakini nyumbani ushahidi ulikuwa unaamka kila asubuhi unaimba pambio. Nikasema, haya, mama analala, mimi ni nani nibishe.

Jumapili moja tukiwa kanisani, katikati ya wimbo, kitabu cha nyimbo kikamdondoka mama. Nikakiokota nikampa. Kikadondoka tena. Nikamtazama. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akataka kusema kitu, maneno yakatoka mazito, yamevimba. Mimi nimeona wagonjwa wa kiharusi wengi kuliko nywele zangu, lakini pale uuguzi wote ulinitoka. Niliogopa. Sina neno zuri la kulipamba: niliogopa kama mtoto, nikaita "Mama!" mpaka kwaya ikanyamaza.

Tukiwa njiani kwenda hospitali mkono ukarudi. Maneno yakarudi. Tulipofika alikuwa anaweza kunifunga vifungo vya gauni na kunilaumu kwa kumwaibisha mbele ya mchungaji. Daktari yuleyule akampima presha. Zebaki ikapanda mpaka mahali ambapo sikuwa nimeiona kwa mama tangu siku aliyotoka Majita. Daktari akaniita pembeni. Damu ilikuwa imezuiwa kufika mahali fulani kwenye ubongo kwa muda mfupi, kisha njia ikafunguka. Safari hii. "Hili ni onyo," akasema. "Mara nyingi likija la pili halirudishi mkono."

Nikarudi kwa mama. "Mama, vidonge unameza?"

Akanitazama kwa utulivu wa mtu asiye na kosa. "Niriacha."

"Uliacha lini?"

"Tangu ravenda. Mdogo wako arisema inaturiza presha. Sasa nimeze vyote viwiri, presha ishuke mpaka wapi?"

Mungu wangu. Na hesabu yake ilikuwa sahihi! Ndilo lililoniua. Kwa Kiswahili chetu presha ni ugonjwa, na presha ni mawazo. Mwenye deni ana presha, mwenye mume mlevi ana presha, timu ikifungwa nchi nzima ina presha. Nairobi walimfundisha mdogo wangu kwa Kiingereza kwamba lavenda inatuliza mawazo, yeye akalibeba neno kuvuka mpaka, akalishusha Pasiansi likiwa ugonjwa wa mama yake.

Mdogo wangu alipofika hospitalini anahema, sikumngoja aketi. "Umemwua mama kwa presha yako!"

"Presha gani dada? Mimi nilisema presha, si nilisema presha! Ile ya mawazo! Ya kusema usinipe presha!"

"Na mama ana ipi?"

Akakaa sakafuni palepale kwenye korido, kwenye kanga yake nzuri, akalia kilio ambacho sikukisikia hata siku alipopunguzwa kazi. Nilikuwa na matusi mengine mengi tayari. Niliyameza. Na mimi nilikuwa jikoni siku ile nikacheka badala ya kumsahihisha, lakini zamu ya kutubu ilikuwa yake, basi tuliache.

Mgonjwa akatibiwa, tukarudi nyumbani. Sasa ndiyo ikaanza kazi yenyewe: mama akakataa vidonge. Alikataa kwa upole, kwa adabu, kwa "ahsante mwanangu", na alikataa kabisa. Nikamweleza mishipa. Nikamweleza moyo. Nikamchorea. Mdogo wangu, macho yamevimba, akapiga magoti, akamwambia, "Mama, nilikosea. Lavenda inanukia tu. Ikikutuliza, ni moyo. Damu haiishushi. Meza dawa."

"Nikimeza sirari," mama akasema. "Virinitesa usiku kucha. Naamka nakojoa, narudi, sijapata joto, naamka tena. Tangu nimeacha narara. Mnataka nife kwa kukosa usingizi?"

Nikasimama katikati ya chumba. Kidonge kimoja katika vile vyake ni cha kupunguza maji mwilini. Kazi yake ni hiyo: unakimeza, maji yanatoka. Ndiyo maana humezwa asubuhi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo, na mama niliambiwa ameelezwa hospitalini, na mimi mwenyewe nilimweleza kabla ya kukimbilia zamu, naye akaitika "ndiyo, mwanangu."

"Mama, ulikuwa unakimeza jioni?"

Akatazama pembeni, akaanza kukunja pindo la kanga yake.

Basi ule ndio ulikuwa muujiza wa lavenda! Alimeza jioni, choo kikamwamsha. Alipoacha kumeza, akalala. Wangempa mkojo wa ng'ombe aunuse siku ileile, tungeuza mkojo wa ng'ombe mtaa mzima.

"Lakini niliagiza asubuhi!" Sauti yangu ilikuwa imepanda, nakiri, na mtu wa presha hapandishiwi sauti. "Asubuhi, mama! Kwa nini hukunisikia? Kwa nini?"

Naye akalipuka, mama yangu ambaye hajawahi kulipuka.

"Asubuhi nipite wapi? Choo kiko wapi? Mume wako ameketi wapi? Nimeze, kisha mchana kutwa nipite mbere ya mkwe wangu, mbio mbio, nimeshika tumbo, mara nakwenda, mara narudi, mara nakwenda? Yeye ainamishe kichwa, mimi niinamishe kichwa, mara ngapi? Bora nikose usingizi. Bora nife na heshima yangu!"

Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile miaka. Kutoka mlango wa nyuma mpaka choo kulikuwa na njia moja, na njia ile ilipita hatua chache kutoka kwenye meza ya mume wangu, na kwangu mimi alikuwa tu mtu anayechomelea redio. Upande wa pili wa ukuta nikasikia chombo cha kuchomelea kikiwekwa chini taratibu.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikakuta uani kweupe. Meza haipo, redio hazipo, nyaya hazipo. Nikazunguka mbele. Mume wangu alikuwa ameketi barabarani, juani, jua lile la Mwanza la saa nane linaloakisi ziwani na kukupiga mara mbili, amejifunga taulo lenye maji kichwani, anachokonoa redio ya mtu.

"Huku kuna nini?" nikamuuliza.

"Kule nyuma mwanga ulikuwa mdogo," akasema, hakuinua macho. "Na wateja huku wananiona."

Mwanga ulikuwa mdogo! Miaka yote kibaraza kile alikisifia kwa mwanga. Mimi ambaye nilidai ushahidi kwa daktari, kwa mdogo wangu, kwa wauguzi waliolala, uongo ule niliupokea kwa mikono miwili, nikaenda kumchotea maji ya kunywa.

Mama akaanza kumeza asubuhi. Zebaki ikashuka, si kwa siku moja, lakini ikashuka. Na usiku akalala. Mdogo wangu akaendelea kumdondoshea lavenda kwenye foronya, na mimi, kwa kuwa shetani wa majaribio hakuwa amenitoka, nikabadilisha foronya kimyakimya, nikaweka isiyo na lavenda kwa siku kadhaa. Akalala vilevile. Nikairudisha yenye lavenda. Akalala vilevile, ila akasema, "Jana harufu haikuwepo. Iacheni, inanifurahisha." Basi huo ndio ukawa ukomo wa utafiti wangu: inafurahisha.

Mdogo wangu hakuacha biashara, angekula nini? Lakini akaanza kuuliza swali moja kabla ya kufungua chupa: "Una presha ipi, ya mawazo au ya hospitali?" Aliyesema ya hospitali aliambiwa aonyeshe kwanza vidonge vyake. Wengine waliondoka wamenuna, wakisema siku hizi hata wauza mafuta wana maringo.

Lililobaki kunisumbua ni mama mwenyewe. Niliwafahamu wagonjwa wa presha: hawasikii maumivu, wakipata nafuu wanaacha dawa. Sikuwa na hakika naye hata kidogo, kila zamu nilikwenda na wasiwasi. Asubuhi moja nikamkuta ameshika kidonge na kikombe cha maji, amesimama dirishani kwa mbele, anachungulia nje kupitia upenyo wa pazia. Huko nje mume wangu alikuwa anasogeza kiti chake akifuata kivuli chembamba cha nguzo ya umeme.

"Mama, utameza kweli siku zote, hata nisipokuwepo?"

Hakugeuka. "Wewe na mdogo wako mna maneno mengi," akasema. "Mishipa, harufu, sijui utafiti. Mtoto wa watu anaungua juani kwa ajiri yangu, na hasemi. Mimi nitaachaje kumeza?"

Akameza, akajifunga kanga vizuri, akatoka kwa mlango wa nyuma.